Andiko la droni ya kupiga dawa kwa AMCOS ya mpunga: anza na eka, bei ije baadae

Swali: "Habari mtaalamu. Mimi ni meneja wa AMCOS ya mpunga huku Mbarali, tuna eka kama 600 kwenye skimu, msimu mmoja kwa mwaka, wanachama wanapiga dawa mara tatu kwa msimu. Vibarua wa solo, yaani bomba la mgongoni, wanatoza 3,000 kwa bomba na eka inakula bomba tano. Bodi imeniagiza niandike andiko la kununua droni ya kupulizia dawa, wanataka gharama, mafunzo na tutaokoa kiasi gani. Nimeshapewa proforma na muuzaji, anasema droni inapiga eka 30 kwa saa na itajilipa ndani ya mwaka. Naandikaje?"

Jibu:

Salama ndugu meneja. Umenipa namba na hiyo imenisaidia sana, maana wengi wananiletea picha ya droni tu. Nitakwambia mapema kabisa nilichokiona baada ya kuzipigia hesabu, alafu nikuonyeshe njia niliyopita ili na wewe uweze kuitetea mbele ya bodi: kwa eka 600 za msimu mmoja, droni ya kwenu peke yenu haijilipi. Inajilipa mkiwa na majirani. Kwahiyo andiko lako lisiwe la "tununue droni", liwe la hatua mbili, nitafika huko.

Kwanza achana na hizo eka 30 kwa saa. Hiyo ni kasi ya droni ikiwa hewani kwenye shamba moja kubwa lililonyooka, haina kuhama wala kujaza tanki. Chukua droni ya tanki la lita 20, ambayo kwa majaruba ya kwetu naona ndo saizi yake, kubwa zaidi ya hapo inawasumbua kubeba kwenye tuta na jenereta lake ni zito. Ukipiga lita 8 kwa eka, tanki moja linatosha eka mbili na nusu, na betri moja inamaliza tanki moja, ikiwa imebeba mzigo inakaa hewani dakika chache tu, mara nyingi hazifiki hata kumi. Inashuka, msaidizi anajaza dawa, mnabadili betri, inaondoka. Ile iliyotoka inakuwa ya moto, lazima ipoe kidogo kabla haijaingia kwenye chaja. Ukiwa na betri nne na chaja moja nzuri unapata mizunguko kama minne kwa saa, yaani eka 10, toa muda wa kuhamisha vitu kutoka mfereji huu kwenda ule, baki na eka 8.

Alafu kuna masaa. Upepo wa mchana kule kwenu unaujua mwenyewe. Mimi sipigi dawa upepo ukizidi mita 3 au 4 kwa sekunde, na nakushauri andiko liseme hivyo hivyo, hata kama kitabu cha droni kinasema inaweza kuruka kwenye upepo zaidi ya hapo. Kuruka inaweza, ila dawa haifiki ulikoilenga. Kwahiyo una asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa nne hivi, na jioni saa na nusu kama hali inaruhusu. Piga hesabu unapata eka 40 kwa siku nzuri. Andika 40 na usiongeze. Na mapema sana kabla jua halijatoka, pale hewa imetulia kabisa na ukungu umelala juu ya majaruba, nako sio salama kama watu wanavyodhani, matone madogo yananing'inia na kusogea taratibu mpaka kwa jirani bila hata upepo kuonekana.

Sasa hela. Namba zifuatazo ni za mfano, nimeziweka ili uone mwendo wa hesabu, wewe utabadilisha kwa kuangalia proforma zako, na chukua angalau tatu. Tuseme droni na rimoti yake milioni 24. Betri nne, milioni 3 kila moja, 12. Jenereta na chaja milioni 5. Vipuri vya kuanzia, yaani propela, pampu ya akiba, nozeli na chujio, milioni 2 na nusu. Mafunzo ya watu wawili pamoja na vibali milioni 5. Vifaa vya kinga, kipima upepo, matanki ya kuchanganyia na mizani, milioni moja na nusu. Jumla milioni 50. Ona kwamba droni yenyewe ni chini ya nusu. Proforma ya muuzaji mara nyingi inakuja na droni na betri mbili tu, bodi inaidhinisha hiyo, alafu mnafika shambani mnapiga mizunguko miwili mnakaa chini ya mti kusubiri chaji.

Kuna gharama zinazokuja hata droni ikilala stoo. Uchakavu wa droni na jenereta, milioni 29 gawanya kwa miaka minne, ni milioni 7 na laki 2 na nusu kwa mwaka. Miaka minne wengine watasema michache, mimi nasema inatosha, ile mashine inaogeshwa dawa kila siku. Weka bima milioni 2 na nusu, vibali na mafunzo ya kurudia milioni 1, matengenezo milioni moja na nusu. Jumla milioni 12 na laki 2 na nusu kila mwaka. Mkikopa, ongeza riba juu ya hapo.

Alafu kuna gharama inayokuja kwa kila eka. Petroli ya kuchaji betri moja ni kama nusu lita, ukigawa kwa eka mbili na nusu inakuja kama 600. Betri yenyewe inakufa kidogo kidogo na hii ndo gharama ambayo sijawahi kuiona kwenye maandiko ninayoletewa: watengenezaji wanatangaza mizunguko 1,000 mpaka 1,500, wewe tumia 1,000, kwahiyo betri ya milioni 3 inakula 3,000 kila mzunguko, sawa na 1,200 kwa eka. Rubani 2,000 na msaidizi 1,000 kwa eka. Toyo la kubeba maji na jenereta 700, vipuri vidogo vidogo 500. Jumla 6,000 kwa eka.

Mwanachama sasa hivi analipa bomba tano mara 3,000, yaani 15,000. Ili aache solo aje kwenye droni lazima aone unafuu, tuseme mnamtoza 12,000. Kwenye kila eka AMCOS inabaki na 6,000. Gawanya milioni 12.25 kwa 6,000 unapata eka 2,042, hapo eka moja ikipigwa mara tatu nahesabu eka tatu. Sasa nyie mnazo eka 600 mara tatu, 1,800, na hiyo ni kama kila mwanachama bila kubaki hata mmoja anatumia droni kila safari. Haitokei. Mwaka wa kwanza mkipata asilimia 60 nitawapongeza, ni eka 1,080, mnakusanya 6,000 mara 1,080 ni milioni 6 na laki 4 na elfu 80, hasara karibu milioni 5 na laki 8. Hata mkitoza 15,000 sawa na solo, bado mnapungukiwa milioni 2 na nusu. Hii ndo hesabu ambayo muuzaji hakukuonyesha, na bora ionekane kwenye karatasi lako kuliko aje aione mkaguzi baada ya miaka miwili.

Weka majirani sasa. Tuseme mnaungana na AMCOS mbili za karibu mnafika eka 1,900. Mara tatu ni 5,700, chukua asilimia 40 tu, ni eka 2,280. Mnabaki na milioni 13 na laki 7 kasoro kidogo, mnatoa milioni 12.25, inabaki karibu milioni moja na laki 4. Siku za kazi ni 57 kwa eka 40, na ukihesabu kuanzia Januari mpaka Aprili, ukitoa siku za mvua na upepo, droni moja inawatosha ila kwa kubanana. Na ule mtaji wa milioni 50 mnaugawana. Hapo andiko lina miguu.

Kwenye kipengele cha "tutaokoa nini" nakuomba uwe mkweli sana. Usiandike kwamba dawa itapungua nusu. Kinachopungua ni maji, kutoka lita 80 kwa eka mpaka lita 8, dawa ni ile ile kipimo cha lebo. Unafuu wa hela mfukoni kwa mwanachama ni 3,000 kwa eka kwa kila kupiga, elfu 9 kwa msimu, basi. Faida kubwa ziko kwingine na sio rahisi kuziwekea shilingi: mtu habebi tena lita 16 mgongoni akitembea kwenye tope huku dawa inamchuruzikia, mpunga ulioshika mimba haukanyagwi, na kikubwa kabisa ni muda, block ya eka 40 inapigwa siku moja badala ya kila mtu na siku yake wadudu wakihamia jaruba la pili. Ziandike hizo kwa maneno, na uonyeshe mtazipimaje, usibuni asilimia ya ongezeko la mavuno maana bodi itakuja kukudai.

Na kuna ambayo droni haigusi. Kimyanga ni ugonjwa wa mpunga unaoletwa na kirusi, hakuna dawa ya kupiga mpunga ukapona, iwe kwa solo au kwa droni. Mpunga ukishafunga sana matone ya droni yanakaa juu, mdudu aliye chini kwenye shina hafikiwi vizuri, inabidi upandishe mpaka lita 12 kwa eka na hapo kasi yako ya siku inashuka. Kujua kama dawa imefika ni rahisi, kuna vikaratasi vya njano vinavyogeuka bluu vikiguswa na maji, unavibana juu ya majani na chini karibu na maji, unapitisha droni na maji matupu, unaangalia. Vikaratasi vya chini vikibaki njano, usipige mpaka ubadilishe kitu, lita kwa eka, urefu wa kuruka au kasi. Fanyeni hivyo kila mwanzo wa msimu.

Mafunzo. Wengi wanafikiri shida ni kurusha. Kijana anayejua simu anajifunza kurusha ndani ya siku chache, droni yenyewe inafuata mistari ukishaipa mipaka ya shamba. Kosa linatokea kwenye ndoo ya kuchanganyia. Nikupe mfano. Lebo inasema mls 400 kwa eka. Mtu wa solo hasomi hivyo, yeye anajua "mls 80 kwa bomba", na yuko sawa kwa sababu anapiga bomba tano. Mkabidhi droni, ataona tanki la lita 20, atafikiri ni kubwa kidogo kuliko bomba, ataweka mls 100. Lile tanki linaenda eka mbili na nusu, kwahiyo kila eka imepata mls 40, sehemu moja ya kumi ya kipimo. Wadudu hawafi, wanachama wanasema droni ni ya uongo, na msimu ujao hamna anayejiandikisha. Kipimo sahihi hapo ni lita nzima ya dawa kwenye tanki. Mimi nimeshaitwa kwenye skimu moja kuangalia droni "mbovu" na haikuwa na tatizo lolote, tatizo lilikuwa kikombe cha kupimia.

Ila hilo nalo lina upande wake wa pili, mchanganyiko unakuwa mkali mara kumi, kwahiyo sio kila dawa inafaa. Soma lebo, muulize muuzaji wa dawa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kama inaruhusiwa kupigwa kwa maji machache hivyo. Dawa za unga zinaziba chujio na nozeli. Kabla ya kuchanganya aina mbili weka kidogo kwenye chupa ya kioo kwa uwiano ule ule wa tankini, tikisa, acha nusu saa, ikiganda au ikijitenga usiitie kwenye tanki. Na viuagugu, hasa 2,4-D, mimi nawaambia watu msimu wa kwanza msianze nayo kwa droni kama pembeni kuna bustani ya nyanya au maharage, ikipeperuka kidogo tu majani yanajikunja na AMCOS inalipa fidia. Anzeni na dawa za wadudu na ukungu, palizi endeleeni na solo. Hilo litapunguza eka zenu za mwaka wa kwanza, kwahiyo kwenye hesabu ya juu weka kupiga mara mbili badala ya mara tatu uone inakuwaje, ndo maana nasisitiza majirani.

Somesha wawili, sio mmoja. Mmoja akiugua au akipata kazi mjini, milioni 50 inakaa stoo katikati ya msimu. Chagua mmoja kati ya vijana wanaopiga solo sasa hivi, anajua dawa na hatakuwa adui wa mradi, na wa pili anayejua kuandika kumbukumbu. Mafunzo yawe na sehemu ya sheria za anga, kurusha na kupanga mipaka, upimaji wa nozeli, viuatilifu na kinga, na utunzaji wa betri. Hiyo ya mwisho kwenu ni muhimu zaidi kwa sababu mna msimu mmoja. Betri ikiachwa miezi saba imejaa chaji au imekwisha kabisa, inaharibika bila kuruka hata mara moja. Inahifadhiwa na chaji kama nusu, sehemu kavu isiyo na joto, na inaangaliwa kila mwezi. Ikianza kuvimba au rimoti ikionyesha seli moja iko chini kuliko wenzake kila safari, itoe kazini, usiibembeleze, droni ikianguka na mzigo wa lita 20 mnapoteza mkono wa droni, propela na dawa ya watu.

Vibali vianze kabla ya malipo. TCAA ndo wanaosimamia droni, kuna kanuni za mwaka 2018, usajili wa droni na kibali cha kuitumia, na ruhusa inapitia pia upande wa ulinzi. TPHPA wao ni upande wa viuatilifu na wanaovipuliza. Kuna ushirika mmoja nilioufahamu walilipa hela yote kwanza, vibali wakaanza kuvifuata baadae, mpunga ukavunwa droni ikiwa bado kwenye boksi. Kwenye mkataba wa ununuzi andika kwamba asilimia kubwa ya malipo inatoka baada ya kibali na baada ya droni kupiga eka 20 mbele yenu.

Kwa upande wa ushirika unajua kuliko mimi, ila nikukumbushe, bodi pekee haimalizi hili. Manunuzi lazima yawe kwenye makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, na kama mnakopa, mkopo uwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Kama ukomo wenu ni mdogo anza na hilo.

Sasa zile hatua mbili. Hatua ya kwanza ni msimu huu, kodini. Tafuta mtoa huduma mwenye kibali, tuseme anatoza 18,000 kwa eka. Chukua block moja ya eka 100, pigeni mara mbili, eka 200. Mwanachama analipa 15,000 yake kama kawaida, AMCOS inaongezea 3,000, mnatumia laki 6 kujua kitu ambacho vinginevyo mngekijua kwa milioni 50. Katika hizo eka 100 chunguza jambo moja kuliko yote: ni kiasi gani cha block kina mpunga wa umri mmoja. Kama katikati kuna jaruba lililopandwa wiki tano baadae na lingine limeshachanua, droni inaruka vipande vipande, na kila mmoja ana dawa yake aliyonunua duka lake, haiwezekani kuziweka tanki moja. Wanachama wa block wakubaliane tarehe ya kupanda na dawa moja. Wakishindwa kukubaliana kwa eka 100, kwa 1,900 hawataweza, na hapo hatua ya pili isije.

Hatua ya pili ni kununua kwa pamoja na majirani, kwa masharti yaliyoandikwa. Mimi ningemalizia andiko hivi, badilisha namba zako: "Bodi inaombwa kuridhia shilingi 600,000 za majaribio ya kukodi kwenye eka 100 msimu huu, na kumruhusu meneja kuanza mazungumzo na AMCOS jirani. Ununuzi upelekwe mkutano mkuu pale tu eka 2,100 za kupigwa zitakapokuwa zimeandikishwa kwa majina, block na saini, na wanachama wawe wamelipa robo ya ada mapema." Hiyo robo usiiondoe hata wakikubembeleza. Kwenye mkutano watu wote wananyoosha mkono, ila orodha ya waliotoa 3,000 kwa eka ndo itakayokwambia kama droni ina kazi. Ukishapata proforma tatu niletee nikuangalizie kilichomo kwenye kila moja, hasa idadi ya betri na nani ana vipuri hapa hapa nchini, maana propela ikivunjika katikati ya Februari huwezi kusubiri meli.